SOMO: Filta ya oili, valvu mbili za ndani na ule mlio wa asubuhi

Wakuu, juzi jioni hapa gereji Nyakato ililetwa Noah inagonga tak-tak-tak kila asubuhi, kama sekunde 3 hivi halafu kimya siku nzima. Mwenye gari kashaambiwa kwingine injini ishushwe, abadilishe metali. Nikamwambia tulia kaka, iache ilale hapa.

Hatua ya 1. Shika filta utazame mdomo wake. Kuna vitundu vidogo vimezunguka tundu kubwa lenye nyuzi. Pampu inavuta oili kwenye sampo inaisukuma kwa vile vidogo, inajaa kopo, inapenya karatasi kutoka nje kwenda ndani, inatokea tundu kubwa ndo inaenda kwenye metali.

Hatua ya 2. Chungulia vitundu vidogo, nyuma yake kuna mpira. Pampu ikisukuma unajikunja, injini ikizimwa unaziba ili oili isirudi sampo. Filta ikiwa imefungwa kwa kulala au mdomo chini na mpira umekufa, usiku kopo linajimwaga, asubuhi pampu inaanza kulijaza kwanza huku metali zinasubiri, mlio wenyewe ndo huo. Filta ya mdomo juu haina shida sana na hilo.

Hatua ya 3. Kuna na baipasi, hii ina springi. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, presha ya kuingilia ikiizidi ya kutokea kwa kama bar 1 (inategemea filta) inafunguka, oili inapita bila kuchujwa. Bora oili chafu kuliko metali kavu.

Hatua ya 4, kupima. Asubuhi USIWASHE, tega beseni, fungua filta. Ya kulala ikiwa nzima lazima ikumwagikie mpaka kwenye kiwiko, ile ya Noah ikatoa vijiko vitatu tu. Nikakata kopo kwa msumeno, mpira umekakamaa kama ndoo iliyoanikwa juani mwaka mzima. Nikafunga mpya, nikaongeza oili iliyopungua, leo asubuhi kimya.

MASWALI

— Mkuu, baipasi ikikwama wazi taa ya oili itawaka?
— Haiwaki, presha si ipo! Oili inazunguka na uchafu wake na wewe hujui kitu, utakuja kuiona springi imelegea siku ukikata kopo.

— Fundi, nyuzi zikikubali si nafunga filta yoyote?
— Hapana. Kuna injini baipasi yake iko kwenye bloku, kwa hiyo filta zake hazina. Ukiifunga kwenye injini isiyo nayo, siku karatasi ikiziba itachanika au metali zikose oili.

— Na mashine yangu ya boti huku Igombe, tu-stroki?
— Hiyo unachanganya oili na petroli mzee wangu, filta hii haina kabisa.