Somo: Kuandaa noti za raundi ya mafunzo kwa mtoto mwenye malaria kali na upungufu wa damu

Katika kukabidhiana zamu, jibu hutangulia: mtoto ana nini, anapewa nini, kimebaki nini. Raundi ya mafunzo hugeuza mpangilio huo. Intani na wanafunzi waliozunguka kitanda wanapaswa kufika kwenye uamuzi wakiwa na taarifa zilezile alizokuwa nazo daktari aliyempokea mtoto, bila ya ziada. Ukifungua kwa "huyu ana malaria kali", hakuna aliyebaki na la kufikiri.

Mfano wetu wa kufundishia ni msichana wa miaka 3, kilo 12, wa aina wanayoijua vizuri wanaofanya kazi Mbale au Soroti msimu wa mvua.

Hatua ya 1: Mstari wa saa

Kabla ya kuandika sentensi hata moja, chora mstari kwenye karatasi tupu na uweke matukio yote kwa saa zake. Hapa ndipo noti nyingi huharibika. Mama anasema mtoto alishikwa na degedege "saa nane usiku", na intani anaandika 8:00. Mama alikuwa akihesabu saa kama tunavyohesabu nyumbani, kwa hiyo ilikuwa 02:00. Kosa hilo la saa 6 likiingia kwenye saa ya dawa, dozi ya pili inawahi mno au inachelewa mno. Muulize, "Jogoo walikuwa wameshawika?" kisha andika kwa mtindo wa saa 24, uleule wa chati ya dawa.

Mstari wa mtoto wetu ni huu: homa siku 4, degedege 02:00, kituo cha afya 06:00, alikopewa artesuneti ya kuwekwa kwenye njia ya haja kubwa, mapokezi ya hospitali 09:10, sukari ya damu 09:20, artesuneti ya mshipani 09:35, jibu la hemoglobini 09:40, damu ilianza kuingia 12:50. Kwa dawa ya kituoni, andika pia kama ilitoka, na baada ya dakika ngapi.

Hatua ya 2: Historia fupi

Mistari sita inatosha. Weka kinachobadilisha uamuzi: degedege mara ngapi na lilidumu kiasi gani, anakunywa au anatapika, mara ya mwisho kula, amewahi kuongezewa damu, ana selimundu au la. Usisahau rangi ya mkojo. Mama akisema unafanana na chai ya rangi, chembe nyekundu zinapasuka kwa kasi, na hemoglobini ya asubuhi huenda isiwe ya kuaminika jioni.

Hatua ya 3: Uchunguzi, kisha nyamaza

Andika ulichokiona, usiandike jina la ugonjwa. "Amepoteza fahamu" halitoshi. Toa mizani ya Blantyre vipande vipande: macho 0, mikono na miguu 1, sauti 1, jumla 2 kati ya 5. Kisha: joto 38.9, mapigo 168, kupumua mara 58 kwa dakika na kwa kina, viganja vyeupe, mikono baridi, damu kurudi kwenye kucha sekunde 3, bandama sentimita 4.

Hapo chora mstari mzito na uandike SIMAMA. Sukari usiitaje bado.

*Swali la kwanza: Je, hii ni malaria ya ubongo?* Wengi watasema ndiyo, kwa kuwa mizani ni 2. Sasa fungua jibu la 09:20: sukari 1.9 mmol/L, chini ya 2.2. Alipewa dekstrosi ya asilimia 10, ml 5 kwa kilo, yaani ml 60. Kama wodi ina ya asilimia 50 tu, ni ml 12 za dekstrosi na ml 48 za maji ya sindano. Nusu saa baadaye mizani ilikuwa 5. Kupoteza fahamu hakuhesabiwi kuwa malaria ya ubongo kabla sukari haijarekebishwa na athari ya degedege kupita. Ndiyo maana noti lazima ziwe na mizani mbili, kila moja na saa yake.

Hatua ya 4: Maabara na matibabu kwa hesabu kamili

Kipimo cha malaria chanya, hemoglobini 3.6. Usiandike "artesuneti imeanza". Andika hesabu ili anayesikiliza aweze kuikagua: chini ya kilo 20 ni mg 3 kwa kilo, hivyo 12 × 3 = mg 36. Kichupa cha mg 60 kikichanganywa na ml 1 ya bikaboneti na ml 5 za salaini hutoa mg 10 kwa ml, kwa hiyo alipewa ml 3.6. Dozi zinazofuata ni baada ya saa 12 na saa 24 tangu 09:35.

*Swali la pili: Mikono ni baridi na mapigo yanakimbia. Utampa salaini ya haraka?* Liache hili lichukue muda. Utafiti wa watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba kati ya waliopewa maji ya haraka takriban 10.5 kwa kila 100 walifariki ndani ya saa 48, na 7.3 kati ya wasiopewa. Mtoto huyu anapumua kwa kina kwa sababu tishu zinakosa oksijeni na asidi inapanda. Anachohitaji ni chembe nyekundu. Salaini itazimua chache alizonazo.

*Swali la tatu: Damu kiasi gani?* Utafiti uliofanyika Uganda na Malawi, uliochapishwa 2019, ulionyesha kwamba wenye joto la zaidi ya 37.5 kabla ya kuongezewa walifanya vizuri zaidi kwa ml 20 za damu nzima kwa kilo, na wasio na homa kwa ml 30. Huyu alikuwa na 38.9: ml 240. Kisha uliza kilichochukua saa 3 na dakika 10 kati ya jibu la hemoglobini na damu kuanza. Kwangu hilo ndilo swali zito kuliko yote matatu, na halijibiki bila mstari wa saa.

Maswali ya wanachama

*Intani, wodi ya watoto:* Daktari, chati haina mizani ya pili. Naweza kuikadiria kutokana na noti za nesi?

Hapana. Andika "haikupimwa" na unukuu alichoandika sista, kwa mfano "10:00 analia, anamtafuta mama". Pengo hilo nalo lijadiliwe.

*Muuguzi, zamu ya usiku:* Kilichofika ni chembe nyekundu zilizokolezwa, si damu nzima. Hesabu inabakia ileile?

Hapana, sista. Ni nusu: ml 10 kwa kilo, yaani ml 120. Aina ya damu iandikwe kabla ya kiasi. Namba peke yake inaweza kumpa mtoto mara mbili ya kipimo.

*Mwanafunzi wa mwaka wa 4:* Mama yuko pale kitandani. Kila kitu kisomwe mbele yake?

Mwombe ruhusa kwanza, na umwachie asahihishe historia. Mara nyingi hurekebisha saa. Hali ya VVU na mjadala wa ucheleweshaji viende kwenye chumba cha pembeni. Karatasi unayogawa isiwe na jina la mtoto wala namba ya faili.

*Ofisa tabibu:* Niweke nini kwenye mstari wa mwisho wa noti?

Mpango wenye tarehe. Baada ya dozi zisizopungua tatu, akiweza kumeza, apewe siku 3 kamili za artemeta-lumefantrini. Halafu hemoglobini irudiwe karibu na siku ya 7 na ya 14, kwa sababu chembe zinaweza kupasuka upya baada ya artesuneti wakati mtoto yuko nyumbani akionekana mzima.