Kabla hujanunua ng'ombe wa kunenepesha, itafute bei itakayorudisha fedha yako

Wafugaji wengi wa Kanda ya Ziwa huanza kunenepesha kwa kutazama bei mbili tu. Ng'ombe aliyekonda kauzwa kiasi fulani mnadani, aliyenona kauzwa zaidi, na tofauti ile wanaihesabu kuwa faida. Kati ya bei hizo mbili kuna miezi mitatu ya pumba na mashudu, na humo ndimo fedha inamopotelea. Hesabu yake haichukui hata jioni moja, lakini ifanywe wakati fedha bado iko mkononi, kwa sababu ukishafunga ng'ombe zizini huna namna ya kurudi nyuma.

Tufanye mfano wa mfugaji wa Shinyanga anayetaka kununua maksai 10 wa kizebu, wa kilo 180 kila mmoja, awalishe kwa siku 90. Bei nitakazotumia ni za mfano. Weka za mnada wako na za duka lako la chakula cha mifugo; njia ya kuhesabu haibadiliki.

Tuseme kilo moja ya ng'ombe hai aliyekonda inanunuliwa kwa Sh 3,500. Maksai mmoja atagharimu Sh 630,000. Ushuru wa mnada na kumfikisha nyumbani Sh 15,000. Dawa ya minyoo, kuogesha na chanjo Sh 10,000. Mhudumu wa zizi analipwa Sh 100,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu na ng'ombe 10, kila mmoja anabeba Sh 30,000. Kibali, usafiri na ushuru siku ya kuuza, Sh 20,000. Kisha kuna gharama ambayo karibu kila mtu huiacha, nayo ni vifo. Ukikadiria kwamba katika ng'ombe 50 atakufa mmoja, kila ng'ombe inabidi abebe kama Sh 13,000 za kufidia.

Chakula ndicho kinachoamua. Ng'ombe wa namna hii hula kwa siku chakula kikavu cha karibu asilimia 3 ya uzito wake. Kwa kuwa ataanza na kilo 180 na kumaliza na zaidi ya 240, chukua wastani wa kilo 7 kwa siku: kilo 3 za majani makavu na kilo 4 za mchanganyiko wa pumba za mahindi, mashudu ya pamba, molasi kidogo, chumvi na madini. Mchanganyiko ukitoka Sh 550 kwa kilo na majani Sh 100, siku moja inagharimu Sh 2,500. Siku 90 ni Sh 225,000.

Jumlisha yote: Sh 943,000 kwa ng'ombe mmoja.

Sasa upande wa mauzo. Zebu anayelishwa vizuri zizini akiongezeka gramu 700 kwa siku, siku 90 zinampa kilo 63, naye anafika kilo 243. Lakini mnunuzi hatampima zizini kwako. Safari, joto na kukaa bila maji vitampunguza karibu asilimia 5, kwa hiyo hesabu kilo 231. Gawanya Sh 943,000 kwa 231, unapata Sh 4,082. Hiyo ndiyo bei ya kilo itakayorudisha fedha yako bila faida hata shilingi. Mnunuzi akitoa Sh 4,000, ambayo ni Sh 500 juu ya bei uliyonunulia, unapata Sh 924,000 na umepoteza Sh 19,000 kwa kila ng'ombe.

Ukitaka kuona hasara imetokea wapi, gawanya gharama ya chakula ya siku kwa uzito ulioongezeka siku hiyo: Sh 2,500 kwa kilo 0.7 ni karibu Sh 3,570. Kilo moja ya nyama mpya umeitengeneza kwa chakula cha bei kubwa kuliko kilo uliyoinunua mnadani. Panapokuwa hivyo, chakula peke yake hakikupi faida ya maana. Unategemea kilo 180 ulizonunua zipande thamani kwa sababu ng'ombe amenona. Hapo lipo swali moja linalotangulia yote: je, yuko mnunuzi anayelipa zaidi kwa ng'ombe aliyenona? Katika minada mingi ya vijijini dalali hukadiria kwa macho, na mchinjaji wa mtaani hununua kwa kichwa, hajali mafuta. Zungumza kwanza na bucha za mjini, hoteli, machinjio au wafanyabiashara wanaopeleka mnada wa Pugu, ujue wanalipa nini kwa kilo na wanataka uzito gani. Usipompata wa namna hiyo, kwa bei za mfano huu usinunue.

Akipatikana, jaribu hesabu yako kwa kubadilisha kitu kimoja kimoja. Ukinunua kwa Sh 3,300 badala ya 3,500, unaokoa Sh 36,000, na ile hasara inakuwa faida ya Sh 17,000. Ng'ombe wakiongezeka gramu 900 kwa siku, unauza kilo 248 na unabaki na Sh 49,000. Wakiongezeka gramu 500 tu, hasara inafika Sh 87,000. Naona hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana hutokea kimyakimya: chakula kinaliwa kilekile, mhudumu analipwa vilevile, ila kilo hazipo.

Kwa hiyo uchaguzi wa ng'ombe ni sehemu ya hesabu. Tafuta mwenye umbo kubwa na mifupa mirefu, aliyekondeshwa na kiangazi, mwenye meno mawili hadi manne ya kudumu. Huyo akipata chakula hukua haraka kwa kufidia. Aliyekonda kwa ugonjwa hutamtofautisha kwa mbavu. Mtazame manyoya yaliyosimama, macho makavu, kinyesi cha maji, kikohozi. Uzito nao usikubali kuambiwa. Kama mnada hauna mizani, tumia utepe wa kupima kifua, na ujihadhari na ng'ombe aliyelambishwa chumvi na kunyweshwa maji asubuhi hiyo, maana lita 10 za maji ni kilo 10 unazolipia.

Majira pia yanahesabika. Mashudu ya pamba hupatikana kwa urahisi viwanda vinapokamua mbegu baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, na mwisho wa kiangazi wafugaji huuza ng'ombe waliokonda kwa kukosa malisho. Anayenunua mashudu mapema na ng'ombe baadaye hukutana na sikukuu za Desemba akiwa tayari.

Mbuzi huhesabiwa kwa njia hiyohiyo, ila mbuzi wetu wa asili huongezeka kilo 5 hivi kwa miezi mitatu. Kwa chakula cha kununua hesabu yake mara nyingi hukubali tu ukilenga Idd el-Hajj, bei ya kichwa inapopanda.

Mwisho, weka akiba ya chakula cha siku 20 zaidi. Karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikifunga mnada wiki uliyopanga kuuza, kila ng'ombe ataendelea kukugharimu karibu Sh 2,800 kwa siku pamoja na mhudumu, Sh 56,000 kwa siku 20, huku ukuaji wake ukipungua kwa kuwa amekwisha nona. Faida uliyoipata kwenye karatasi ikiwa ndogo kuliko hiyo, punguza idadi ya ng'ombe au ngoja bei ya kununulia ishuke.