Kuahirisha siku ya kuonja chakula cha harusi

Wazee wakisogeza tarehe ya harusi, mpigie simu mpishi kabla hajaenda Darajani kununua nyama, kwani nyama ya biriani hurowekwa kwa mtindi na viungo tangu usiku wa kuamkia siku ya kuonja. Ikiwa mlipanga Jumamosi, simu ya Jumatano humwachia nafasi. Ya Ijumaa usiku humkuta ameshatia viungo, na hapo ni haki kumlipa gharama hiyo mbali na arubuni. Muulize kwanza kama tarehe mpya ya harusi anayo wazi, kisha mpe siku mbili za kuonja achague, ambazo familia zote mbili zimeshaziridhia, maana kinachomuudhi hasa ni kuahirishiwa mara ya pili.