Namna ya kuwakatalia wasambazaji na wenzako kazini bila kuwaacha njia panda

Kazi yangu ni ununuzi, kwa hiyo sehemu kubwa ya barua pepe ninazoandika ni za kukataa. Tuchukue asubuhi moja yenye maombi matatu. Msambazaji mliye naye kwenye mkataba anataka alipwe ndani ya siku 30 badala ya 60. Mwingine, aliyeleta nukuu ya bei, anauliza kama ofa yake imepita. Mwenzako wa idara ya mauzo naye anaomba umtengenezee jedwali kabla ya Ijumaa.

Hatua ya 1: Jua unakataa nini

Maombi haya hayakataliwi kwa namna moja. La kwanza haliwezekani ndani ya mkataba huu, lakini mkataba mpya unaweza kuwa na masharti mengine. La pili limeshaamuliwa. La tatu linagongana na muda wako tu. Ukiwatumia wote jibu moja la "tutaliangalia", yule wa pili ataendelea kukutengea mzigo ghalani. Huyo ndiye wa kujibiwa kwanza, maana kusubiri kunamgharimu. Mwenzako unaweza hata kumpigia simu.

Hatua ya 2: Uamuzi ukae juu

Salamu, taja ombi lake kwa maneno yake, kisha toa jibu. Shukrani za aya nzima kabla ya "hata hivyo" humpa mtu matumaini kisha kumpokonya, na msomaji mzoefu huruka moja kwa moja hadi hiyo "hata hivyo". Iepuke pia "imeonekana haitawezekana", kwani anayesoma hujiuliza imeonekana na nani.

Hatua ya 3: Sababu moja, na iwe ndiyo yenyewe

Hapa ndipo wengi huharibu. Kwa kuogopa kuumiza, mtu husema "bajeti haitoshi" wakati tatizo ni muda wa kufikisha mzigo. Kesho yake msambazaji anarudi na punguzo la bei, nawe huna pa kujificha. Sababu ya kweli humsaidia ajue cha kurekebisha:

> Habari za kazi. Kuhusu nukuu yenu ya viti vya ofisi, tumeamua kununua kwa msambazaji mwingine. Kilichoamua ni muda: tulihitaji mzigo ndani ya wiki 2, na ofa yenu ilikuwa ya wiki 5. Oda hii imefungwa, hivyo msitutengee viti. Asanteni kwa kutuandalia nukuu kwa haraka.

Bei ya mshindani usiitaje, hata ukibembelezwa. Na kama ni zabuni rasmi, fuata utaratibu wake wa kutangaza matokeo kabla ya kumjibu yeyote pembeni.

Hatua ya 4: Toa unachoweza kutimiza, au usitoe

Kwa yule wa siku 30:

> Habari za kazi. Nimepokea ombi lenu la kulipwa ndani ya siku 30. Hatutabadilisha muda wa malipo katika mkataba huu, kwa kuwa malipo ya mwaka mzima yamepangwa kwa siku 60 tulizokubaliana. Mkataba ukikaribia kuhuishwa mwezi Desemba, lileteni tena pamoja na bei zenu. Kwa sasa, mkituma ankara siku ileile mzigo unapopokelewa, siku zenu 60 zitaanza kuhesabiwa mapema.

Sentensi ya mwisho ina uzito kwa sababu ni jambo analoweza kulifanya leo. Kama mkataba wenu huhesabu siku kuanzia tarehe nyingine, iondoe. Na kama hamna nia ya kujadili muda huo hata Desemba, usiitaje Desemba.

Kwa mwenzako, maneno machache yanatosha:

> Habari za leo. Jedwali sitaweza kulimaliza kabla ya Ijumaa, nina oda za mwezi hadi Alhamisi jioni. Nakutumia sasa hivi faili la mwezi uliopita. Fomula zake zipo, badilisha takwimu tu. Ukikwama, Jumatatu mchana nina saa moja.

Samahani moja inatosha, tena pale tu ulipochelewa kujibu. Zikifika tatu, mwenzako ataanza kukubembeleza akidhani unayumba.

Hatua ya 5: Isome kama aliyeomba

Jiulize: akimaliza kusoma, atajua kama aendelee kusubiri? Kama hajui, rudi hatua ya 2.

Akirudi tena

Wasambazaji wengi hurudi, ni sehemu ya kazi yao. Rudia sababu ileile kwa maneno mafupi zaidi. Ukiongeza sababu mpya, ile ya kwanza inaanza kuonekana kisingizio, na atazijibu moja baada ya nyingine hadi zikuishie. Lakini akileta jambo jipya kweli, mathalani amepata mzigo wa kufika ndani ya wiki 2, mwambie wazi kama oda bado inaweza kufunguliwa au tayari imesainiwa kwa mwingine.