Boksi au fidla? Kulinganisha mishahara ya idara tatu

Mwenzangu wa rasilimali watu aliniletea faili la mishahara ya idara tatu, tayari ameshachora grafu ya boksi. Katika grafu hiyo Mauzo na Huduma kwa Wateja zilikuwa kama mapacha: robo ya kwanza 30, mediani 46, robo ya tatu 62 (kwa maelfu). Akaniuliza kama grafu ya fidla ingebadilisha chochote. Ilibadilisha, ila ilituletea na uongo wake.

Hatua ya 1: Hesabu watu

```python
df.groupby("idara")["mshahara"].describe()
```

Huduma walikuwa 40, Mauzo 40, Sheria 6. Hiyo 6 usiisahau.

Hatua ya 2: Chora nukta kwanza

```python
sns.stripplot(data=df, x="mshahara", y="idara", alpha=0.5)
```

Mimi sichagui grafu yoyote kabla ya hii. Hapa siri ya Huduma ikajitokeza: watu 20 wamejazana kuanzia 26 hadi 35, na 20 wengine kuanzia 57 hadi 66. Katikati hakuna mtu. Ile mediani ya 46 ni nusu ya njia kati ya 35 na 57, mshahara ambao hakuna anayeupokea. Mauzo nao wametawanyika bila pengo. Boksi hujengwa kwa namba tano tu, kwa hiyo haliwezi kutofautisha idara yenye ngazi mbili na idara iliyosambaa.

Kanuni yangu ni fupi. Nukta zikionyesha kundi moja, chora boksi uendelee na kazi nyingine. Zikionyesha makundi mawili na watu wanafika 30 hivi, chora fidla. Hiyo 30 ni mazoea yangu tu, si sheria ya takwimu.

Hatua ya 3: Ifunge fidla mdomo

Hapa ndipo nilipoteza saa tatu siku moja, nikitafuta kosa kwenye data ambayo haikuwa na kosa.

Mishahara ya Sheria ni 38, 41, 44, 47, 52 na 95. Chora fidla ya Seaborn bila kugusa mipangilio, utaona umbo linaanzia karibu na 8 na kuishia karibu na 125. Hakuna mwanasheria anayelipwa 8. Chanzo ni kwamba fidla haichori watu, inachora makadirio ya msongamano: kila mshahara unapakwa kama wino unaosambaa, kisha wino wote unajumlishwa. Upana wa kusambaa unatokana na mtawanyiko wa data na idadi ya watu. Huyu mmoja wa 95 anaupandisha mtawanyiko, na kwa watu 6 upana unafika karibu 15. Halafu `cut`, ambayo isipobadilishwa ni 2, inaurefusha mkia kwa upana huo mara mbili kila upande: 38 toa 30, unabaki na 8.

```python
sns.violinplot(data=df, x="mshahara", y="idara",
               cut=0, density_norm="count", inner="quart")
```

`cut=0` inakata mkia kwenye mshahara wa chini na wa juu kabisa. Lakini angalia: inakata tu, haihesabu upya. Fidla ya Sheria bado ina mwili kati ya 52 na 95, mahali pasipo na mtu. Unaweza kupunguza upana kwa `bw_adjust=0.5`, ila ukizidi kupunguza kila mfanyakazi anakuwa nundu yake mwenyewe. Kwa watu 6 hakuna thamani itakayokuokoa, acha fidla.

`density_norm="count"` ni ya lazima kwangu. Bila hiyo fidla zote hupewa eneo sawa, na wanasheria 6 wanaonekana wengi sawa na watu 40 wa Mauzo. Kabla ya toleo la 0.13 iliitwa `scale`, kwa hiyo mwongozo wa zamani ukikugomea, anza kuangalia hapo.

Hatua ya 4: Sheria

Boksi nalo lina kasoro kwa idara ndogo. Masharubu hayavuki mara 1.5 ya urefu wa boksi, kwa hiyo ya Sheria yanaishia 52 na 95 inabaki nukta peke yake. Kwenye mishahara nukta ni mtu, na katika idara ya watu sita kila mmoja anajua ni nani. `showfliers=False` huificha, lakini msomaji ataamini kwamba mshahara wa juu ni 52.

Tulichopeleka kwa uongozi ni fidla za Huduma na Mauzo peke yake. Chini yake tukaweka mstari mmoja: Sheria, watu 6, mediani 45.5, haikuchorwa kwa sababu ya uchache wa watu.