Sauti ikikatika katikati ya mahubiri: namna ya kuitafuta bila kuzima matangazo

Mchungaji alikuwa ameingia sehemu ya pili ya mahubiri nilipoona ujumbe chini ya video: "Hatusikii." Ukafuata wa pili, kisha wa tatu. Nikainua kichwa. Ukumbini spika zilikuwa safi kabisa na watu waliitikia "Amina". Waliokuwa nyumbani, wakiwemo wagonjwa wasioweza kutoka kitandani, walikuwa wanaona midomo tu ikicheza. Mimi najitolea kurusha ibada mubashara kwa programu ya OBS, na hivi ndivyo nilivyofanya.

Hatua ya 1: Acha matangazo yaendelee. Mkono hukimbilia `Stop Streaming`. Usibonyeze, kwa sababu hapo unawatoa watazamaji wote, na wengine hawatarudi. Usiipime sauti kwa simu pia. Matangazo hufika kwa mtazamaji yamechelewa, mara nyingi sekunde kumi na zaidi, kwa hiyo simu inakupa habari za nyuma. Unaweza kurekebisha tatizo, ukasikia bado kimya, ukaharibu tena kilichokwisha kupona. Vaa hedifoni zilizochomekwa kwenye kompyuta.

Hatua ya 2: Soma mistari ya `Audio Mixer`. Hapa ndipo jibu lilipo, kwa hiyo tulia. Mstari ukicheza kama kawaida, sauti inaingia kwenye kompyuta na tatizo liko mbele yake. Angalia kama umebonyeza alama ya kuzima sauti bila kujua. Mstari ukiwa umekufa kabisa, shuku waya wa USB au kadi ya sauti: chomoa, chomeka tena, kisha fungua `Properties` ya chanzo hicho na uchague upya `Device`.

Wangu haukuwa hivyo wala vile. Ulikuwa umeshuka sana, ila watu walipoitikia "Amina" ulitetemeka kidogo. Mtikisiko ule ulinifungua macho. Maiki za kwaya zilikuwa bado wazi jukwaani, zikiokota sauti ya ukumbi kwa mbali. Maana yake waya, kadi na kompyuta vyote vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni sauti ya mchungaji peke yake.

Hatua ya 3: Wape watazamaji sauti ya dharura. Kabla ya kutafuta chanzo nilifungua maiki ya kamera, ambayo huwa naiweka tayari kwenye OBS ikiwa imezimwa. Ina mwangwi na inaokota vikohozi, lakini maneno yanaeleweka. Mtu atavumilia sauti mbaya kuliko kimya.

Hatua ya 4: Fuata njia ya sauti kurudi nyuma. Nilitazama jukwaani. Mchungaji alikuwa ameanza na maiki ya kifuani. Sasa ameshika ya mkononi. Betri ya ile ya kwanza ilikuwa imekwisha, na mhudumu akampa nyingine kimya kimya.

Kwetu sauti ya matangazo haitoki kwenye mlango uleule wa spika. Inatoka kwenye `AUX 3` ya miksa, na kila maiki ina kitufe chake cha kuzungusha kinachoamua kiasi gani kiende huko. Fundi anaweza kupandisha maiki mpya, ukumbi ukasikia vizuri, na matangazo yasipate hata chembe. Nikamwendea, nikamnong'oneza:

"Kaka, maiki ya mkononi haifiki kwangu. Nipandishie `AUX 3`, taratibu."

Akainama juu ya miksa. "Ni kweli, iko sifuri."

Hatua ya 5: Rudisha kiwango, kisha funga ya dharura. Alizungusha polepole huku mimi nikiangalia mstari. Kwa mahubiri napenda sauti ya kawaida icheze kwenye njano, kati ya -20 na -9 dB, na isikae kwenye nyekundu. Ilipofika hapo nilizima maiki ya kamera mara moja. Ukiziacha zote mbili wazi, neno moja linasikika mara mbili, maana sauti ya ukumbini huchelewa kuifikia kamera. Kisha niliwaandikia watazamaji kwamba sauti imerudi, na wasiosikia waifungue upya video.

Hatua ya 6: Andika saa ya tukio. Niliandika dakika ilipokatika na iliporudi. Fundi hurekodi ibada kwenye flashi kutoka mlango mkuu wa miksa, na humo mahubiri yalikuwa kamili. Jioni nilikata kipande kile, nikakilinganisha na midomo ya mchungaji kwenye rekodi yangu, nikaziba pengo.

Sasa kabla ya kila ibada tunapitisha maiki zote, hata zile za akiba: mmoja anahesabu hadi tano kwenye kila maiki, nami natazama mstari wa OBS, siyo spika za ukumbini.