Mambo ya kuzingatia kabla ya kuandika maelezo ya ufuatiliaji ya mtu aliyegundulika leo kuwa na VVU

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 31 aliyefika zahanati siku ya Alhamisi na malengelenge ya mkanda wa jeshi ubavuni, yaliyoanza juzi yake. Ameshauriwa kupima, amekubali, na majibu yameonyesha ana maambukizi. Amelia, ametulia, ameuliza maswali mawili matatu, na sasa anataka kurudi nyumbani kabla watoto hawajatoka shule. Zahanati hiyo haina CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, kwa hiyo matibabu yake yataendelea kwingine. Kwa mhudumu zimebaki kazi tatu za kuandika: maelezo ya kwenye faili, fomu ya rufaa, na ujumbe wa simu wa kumkumbusha siku ya kliniki.

Kosa la kwanza hutokea hapo. Mhudumu huziona kazi hizo tatu kama kazi moja, akahamisha maneno yaleyale kutoka karatasi moja hadi nyingine. Lakini kila moja ina wasomaji wake. Faili hupita kwa karani wa mapokezi, maabara, dirisha la dawa, pengine na wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Fomu ya rufaa husafiri ndani ya mkoba wa mgonjwa na kulala nyumbani kwake usiku kadhaa. Ujumbe husomwa na yeyote atakayeshika simu, na sehemu yake ya mwanzo huonekana kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa. Kabla ya kushika kalamu, jiulize karatasi hii itapita mikononi mwa nani.

Anza na simu, kwa sababu ndiyo inayovujisha siri upesi kuliko vyote. Usiishie kuuliza “namba yako ya simu ni ipi?” Uliza simu hiyo ni ya nani, nani mwingine huishika, nani huipokea yeye akiwa jikoni au sokoni, na kama laini imesajiliwa kwa jina lake. Huyu wa mfano wetu ana simu yake, ila mume huitumia jioni. Basi tunakubaliana naye: ujumbe mfupi tu, kati ya saa 3 asubuhi na saa 8 mchana, na asipojibu tusimpigie usiku. Tunamwuliza pia tumwite kwa jina gani, na tuseme nini akipokea mtu mwingine. Hapa wengi hutunga uongo, wakajiita watu wa kikoba au wa shule. Uongo huo haufiki mbali: mume atauliza kikoba gani, na mwanamke atajibu kitu kingine. Ni salama zaidi kusema, “Samahani, naomba kuongea na fulani,” kisha, “Nitamtafuta baadaye,” ukajitaja kwa jina lako la kwanza bila cheo wala mahali pa kazi.

Kuna jambo dogo ambalo vituo husahau. Mtu akitaka kujua namba ngeni ni ya nani, huiandika kama anayetaka kuitumia pesa, na jina lililosajiliwa humtokea kabla hajathibitisha muamala. Kama laini ya ofisi imesajiliwa kwa jina la kituo au la mradi wa UKIMWI, ujumbe wenye maneno ya siri kabisa haujasaidia kitu. Angalia pia picha ya wasifu kwenye WhatsApp ya namba hiyo. Utepe mwekundu au nembo ya mradi inasema yote.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi kiasi hiki:

> Habari. Nakukumbusha Jumatatu saa 3 asubuhi kama tulivyopanga. Ukitaka kubadilisha siku, nijibu hapa.

Hauna neno kliniki, hauna dawa, hauna majibu, hauna CTC. Saa imeandikwa kwa Kiswahili, na hilo si la kupuuza. Ukiandika “9:00”, yupo atakayesoma saa tisa alasiri, afike milango imefungwa, na safari aliyoitafutia kisingizio nyumbani iwe ya bure.

Sasa maelezo ya faili. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri, lakini usiri hauna maana ya kuandika mafumbo hadi daktari anayefuata asielewe. Anayemtibu lazima ajue. Kinachokatazwa ni kuitangaza hali hiyo kwa wasiomtibu, na mara nyingi inatangazwa na jalada: duara jekundu kwenye pembe, herufi fulani juu ya jina, stika ya rangi yake peke yake. Alama ambayo wafanyakazi wote wanaijua, baada ya miezi miwili wagonjwa nao wanaijua. Jalada libaki na namba ya faili tu, na taarifa ya VVU ikae ndani.

Ndani andika yale ambayo anayepokea atayatumia kuamua. Kabla ya kuandika, hakikisha umeyauliza haya manne, kwa sababu kila moja hubadilisha mahali pa kumpeleka au wakati wa kuanza dawa. Je, ni mjamzito? Kama ndiyo, dawa huanzishwa kliniki ya mama na mtoto, hivyo rufaa ya kwenda CTC ingempotezea muda. Je, ana kikohozi, homa, jasho la usiku au amepungua uzito? Akiwa na hata moja, achunguzwe kifua kikuu, na liandikwe. Je, anaumwa kichwa sana, shingo imekaza, au amechanganyikiwa? Huyo hapangiwi kliniki ya wiki ijayo. Apelekwe hospitali leo, na dawa za VVU zisianzwe kwanza, kwa kuwa mwenye homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi anaweza kuzidiwa na hata kufa zikianzwa mapema mno. La mwisho, anatumia dawa gani nyingine? Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, kwa mfano, huongezewa kidonge cha dolutegravia cha miligramu 50 saa 12 baada ya kile cha TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu za VVU ikiwemo dolutegravia, na asiyeambiwa hilo hubaki na dawa pungufu mwilini.

Yaliyobaki yaachwe nje. Aliambukizwaje, ana wapenzi wangapi, ndoa yake ikoje: hayo hayabadilishi tiba ya Jumatatu. “Amekiri” ni neno la polisi, lisiingie kwenye faili. Majina ya wenzi aliowataja kwa ajili ya kupimwa yaende kwenye rejesta yake maalumu inayofungiwa, wala faili la mwenzi lisiandikwe nani alimtaja.

Kwa mwanamke wetu, maelezo yangesomeka hivi:

> Alhamisi. Mwanamke, miaka 31. Mkanda wa jeshi ubavu wa kulia, siku 2, ameanzishiwa asaiklovia. Amepimwa VVU kwa ridhaa yake kwa mpangilio wa mwongozo wa taifa, ana maambukizi. Majina ya vitendanishi, namba za toleo na tarehe ya kuisha: tazama rejesta ya upimaji. Amepewa majibu peke yake, faragha. Hana dalili za kifua kikuu. Haumwi kichwa, shingo haijakaza. Kipimo cha ujauzito: hana. Hakuna dawa nyingine. Yuko tayari kuanza ARV. Amechagua CTC ya mjini, Jumatatu saa 3 asubuhi. Mpokeaji ameongea nasi kwa simu. Apimwe upya kuhakiki kabla ya kuanza dawa. Mawasiliano: ujumbe mfupi tu, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Asitembelewe nyumbani. Mwenzi: ataongea naye mwenyewe, ameulizwa kuhusu usalama, haogopi kupigwa, atapewa ushauri zaidi CTC.

Kuhakiki kwa kipimo kipya si kumtilia shaka. Sampuli huchanganywa na majibu huandikwa kwenye mstari usio wake, hasa siku zenye foleni. Sampuli mpya, na mpimaji mwingine akiwepo, hugundua kosa hilo kabla mtu hajaanza dawa za maisha. Kuhusu mwenzi, sheria hiyohiyo ya 2008 inamtaka aliyegundulika amweleze mwenzi wake, na mgonjwa aambiwe hivyo wazi. Ila mhudumu kumpigia mume kimyakimya kunamwondoa mwanamke kwenye tiba, na pengine kunamwumiza. Ndiyo maana swali la usalama linaandikwa pamoja na jibu lake.

Kituo alichokichagua si cha karibu. Wengi hufanya hivyo wasikutane na jirani kwenye benchi, na ni haki yake. Lakini mpigie hesabu ya nauli hapohapo, kwenda na kurudi, kwa kuwa miezi ya mwanzo atatakiwa kufika mara kwa mara kabla hajaanza kupewa dawa za miezi mingi. Kama nauli ya mwezi wa tatu haionekani, jadilianeni kituo cha pili sasa, kikaandikwe.

Kabla ya kuandika tarehe, pigia CTC inayopokea. Vituo vidogo vina siku maalumu za kliniki, na mgeni akifika siku nyingine huulizwa kwa sauti kwenye korido amekuja kufuata nini. Mpe jina la mtu wa kumwulizia. Usimtumie mwenzako picha ya fomu kwa WhatsApp. Picha hukaa kwenye simu yake, na watoto wake huichezea. Herufi za mwanzo za jina na siku atakayofika zinatosha. Fomu ya rufaa anayobeba mgonjwa itiwe kwenye bahasha isiyo na maandishi na kufungwa. Kadi ya CTC1 atapewa huko, na aulizwe ataiweka wapi.

Kosa linalopoteza watu wengi ni sentensi “amepewa rufaa”, kisha faili likafungwa. Rufaa hiyo haijakamilika mpaka namba yake ya CTC irudi. Mwongozo unataka anayekuwa tayari aanze dawa siku hiyohiyo au ndani ya siku 7, kwa hiyo weka kwenye kalenda Jumanne ya kuuliza CTC na Alhamisi inayofuata kama kikomo. Asipofika Jumatatu, mtumie ujumbe uleule kwa siku mpya, ndani ya saa alizokubali. Asipojibu, jaribu tena siku nyingine kwa njia hiyohiyo, na kila jaribio liandikwe tarehe na saa. Alikataa kutembelewa nyumbani, basi mtoa huduma ngazi ya jamii hapewi jina lake, hata siku 7 zikipita. Kinachowezekana ni kumsubiri arudi kuonyesha kidonda cha mkanda wa jeshi, na ndiyo sababu siku ya kuangalia kidonda ipangwe tangu mwanzo, wiki moja baadaye, hapohapo zahanati ambako hana haja ya kumficha mtu safari yake.

Akifika, mstari wa mwisho wa faili ni huu:

> Jumanne. CTC wamethibitisha: amefika jana, amehakikiwa, ameanza TLD kidonge 1 kwa siku. Namba ya CTC imeandikwa kwenye rejesta ya rufaa. Kipimo cha wingi wa virusi: baada ya miezi 6, CTC.